Kusimamisha pendulamu iliyopinduliwa

Fimbo nyepesi ya mita 0.5, yenye uzito nchani, imesimama juu ya kigari kwa bawaba. Ikiinama kidogo, sine ya pembe hukaribia pembe yenyewe, θ, katika radiani, na mwendo hufuata mlinganyo huu, ambamo a ni mchapuko wa kigari kuelekea upande wa kuinama:

θ'' = 19.6θ − 2a

Kigari kikitulia, mizizi ya mlinganyo huu, ambayo wahandisi huiita poli, ni takriban 4.43 na −4.43. Ule chanya ndio unaoangusha fimbo: mwinamo hukua wenyewe.

Dawa ni kupima pembe na kasi yake, kisha kuamuru a = k₁θ + k₂θ'. Mlinganyo wa mizizi huwa:

s² + 2k₂s + (2k₁ − 19.6) = 0

Msanifu hujichagulia mizizi. Akitaka −3 na −5, yaani s² + 8s + 15, analinganisha vigawo na kupata k₂ = 4, k₁ = 17.3.

Kwa nini asichague −10 mara mbili, fimbo irudi upesi? Hapo k₁ hufikia 59.8. Mwinamo wa radiani 0.1 ungedai karibu 6 m/s² badala ya 1.73. Mota ikishindwa kutoa kiasi hicho, hesabu haishiki tena. Kelele za kihisio nazo hukuzwa, na kigari hutetemeka.

Kuna kasoro nyingine: fimbo husimama huku kigari kikiendelea kuteleza hadi mwisho wa reli. Kukizuia kunahitaji kupima pia mahali na kasi yake, hivyo poli nne na vigawo vinne.