Tairi Hupimwa Dereva Akishalala

Kila alfajiri kwenye maegesho ya malori Ruaha Mbuyuni utaona utingo akizunguka gari na kipande cha bomba, akigonga tairi moja baada ya nyingine. Ikilia vizuri, anapita. Kwa mwenye malori mawili au matatu, hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Mlio utakuonyesha tairi iliyokwisha upepo kabisa, lakini tairi yenye psi 115 na yenye psi 85 sikio haliwezi kuzitofautisha. Geji tu ndiyo inayoweza.

Tairi yenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila inapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hulegeza gundi inayoshika mpira na nyaya za ndani, na siku moja gamba la juu linabanduka gari likiwa kwenye mwendo. Vile vipande vyeusi tunavyovikwepa barabarani mara nyingi vimetokana na safari kama hiyo. Iliyo hatarini zaidi ni tairi ya ndani kwenye zile za pacha, kwa kuwa kuifikia ni kazi na mwenzake wa nje humbebea mzigo bila kuonyesha dalili. Kama kipimo chako ni psi 115 na ukaikuta na 92 au chini ya hapo, usiijaze ukaondoka. Imeshatembea kama yenye pancha, hivyo ivuliwe, fundi aikague kwa ndani.

Lakini geji husema kweli tairi ikiwa baridi tu, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi. Njiani joto hupandisha upepo, na dereva anayepima Mafinga saa saba mchana anaweza kukuta psi 130. Akidhani umezidi akaupunguza hadi 115, kesho yake asubuhi tairi itakuwa na upepo pungufu, na safari yote iliyobaki itaila. Upepo wa tairi ya moto haupunguzwi.

Ndiyo maana siwezi kuzungumzia tairi nikaacha usingizi. Gari lisilolala halina saa ya kupimwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni yapata kilomita 930. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, pamoja na mizani, matuta na mlima Kitonga, hizo ni zaidi ya saa 18 za usukani. Akizipiga kwa mkupuo mmoja, dereva atapita kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao mwili hudai kulala hata ukinyweshwa kahawa. Hatari huanza kabla macho hayajafumba: gari linayumba kidogo na kurudishwa, gia inachelewa, na dereva hakumbuki kilomita chache alizotoka kupita. Redio na dirisha wazi haviondoi hali hiyo. Inayomfaa ni kuegesha mahali salama na kulala, hata dakika 20, kisha asubiri akili itulie kabla ya kushika usukani.

Kenya sheria inamwekea dereva wa gari la biashara saa nane za kuendesha ndani ya saa 24. Tukiitumia hesabu hiyo kwenye njia yetu, siku ya kwanza inaishia Ruaha Mbuyuni, ya pili Makambako baada ya kupanda Kitonga mchana, na ya tatu Tunduma. Dereva amelala mara mbili, na mara mbili tairi zimeamka baridi. Kwa tairi 22 za lori la tela, geji na daftari havichukui hata saa moja.

Mwenye gari atalalamika kwamba siku zimeongezeka. Basi apige hesabu ya tairi kwa kilomita. Tuchukue mfano wa tairi ya shilingi 900,000. Ikitembea kilomita 90,000, kila kilomita imekula shilingi 10. Ikifa kwenye 60,000, imekula 15. Tofauti ya shilingi tano, mara tairi 22, mara kilomita 1,860 za kwenda na kurudi, inazidi laki mbili kwa safari moja, na hapo hatujahesabu siku ambayo gari limelala porini likisubiri tairi.

Kanuni hii huvunjwa na malipo kuliko uzembe. Dereva anayepewa zawadi kwa kuwahi, au anayelipwa kwa safari bila posho ya kulala, ataendesha usiku hata umwandikie nini. Nguvu hiyo ninaiona kila ninapozungumza na madereva. Kwa hiyo posho ya usiku ilipwe kila kituo gari linapolala, zawadi ya kuwahi ifutwe, na mwenye gari asome kwenye kifaa cha kufuatilia gari muda ambao injini ilizimwa usiku. Zikionekana saa mbili tu, ampigie dereva asubuhi hiyo hiyo, amwambie aegeshe alale kwanza, kisha amsomee vipimo vya tairi za ndani.