Ng'ombe wa Daftarini na Ng'ombe wa Bomani

Mfuko wa saruji uliohesabiwa ghalani Ijumaa utakutwa palepale Jumatatu, tena ukiwa mmoja. Ng'ombe hana tabia hiyo. Anazaa usiku, anakufa porini, anahamia malisho ya jirani bila kuaga, na hata akitulia ananenepa au anakonda. Muwa nao unarefuka kila mvua inaponyesha. Ndiyo maana mkaguzi wa hesabu anayepangiwa shamba kubwa hawezi kufanya kazi kama anayekagua duka la vifaa vya ujenzi. Anatakiwa kujibu maswali mawili tu, lakini magumu: siku ya kufunga hesabu walikuwapo wangapi, na walikuwa na thamani gani?

Sheria ya mchezo imo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2003. Tanzania ilianza kufuata viwango hivyo vya kimataifa tarehe 1 Julai 2004. Kwa lugha nyepesi, kiwango hicho kinasema mifugo na mazao yaliyo shambani yathaminiwe kila mwisho wa mwaka kwa bei ambayo mnunuzi angelipa sokoni siku hiyo, ukitoa gharama za kuuzia. Thamani ikipanda, ongezeko linaingia kwenye faida ya mwaka huo. Ikishuka, ni hasara. Ndama aliyezaliwa leo alfajiri tayari ni mapato, ingawa hakuna aliyetoa hata shilingi moja. Shamba linaweza kutangaza faida nono huku mishahara ya wafanyakazi ikicheleweshwa, na meneja anayelipwa bonasi kwa faida hiyo ana kila sababu ya kuwaona ng'ombe wengi kuliko waliopo.

Tuchukue shamba la mfano mkoani Morogoro, lenye ng'ombe wa nyama na miwa, linalofunga hesabu tarehe 30 Juni. Takwimu zote za shamba hili ni za kuelezea tu. Daftari lake linasema mwaka ulianza na ng'ombe 1,140. Walizaliwa 310, wakanunuliwa 40, wakauzwa 250, wakafa 38 na kuchinjwa 12. Waliobaki ni 1,190.

Kabla ya kukanyaga bomani, mkaguzi makini huanza kulihoji daftari lenyewe. Majike waliofikia umri wa kuzaa walikuwa 480, kwa hiyo ndama 310 ni kama wawili kwa kila majike watatu. Kwa ng'ombe wa malisho ya asili hilo linaaminika. Daftari lingesema ndama 460, mkaguzi angeomba kuonyeshwa hao mama zao. Halafu anatazama karatasi ambazo hazikuandikwa na mhasibu: dozi za chanjo zilizonunuliwa na zilizotumika, rekodi za josho, vibali vya kusafirisha mifugo vilivyotolewa siku za mauzo. Mtu akitaka kudanganya idadi, ni rahisi kwake kubadili daftari. Kuikumbuka na risiti ya chanjo ya mwezi Machi ni kazi nyingine.

Kuhesabu kwenyewe kulipangwa tarehe 9 Julai, na hapa ndipo mambo huharibika. Kosa la kwanza ni kuhesabu malisho ya kaskazini leo na ya kusini kesho. Usiku mmoja unatosha kuhamisha ng'ombe 60 wakahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo makundi yote huhesabiwa siku moja, mageti yakiwa yamefungwa na mtu wa timu ya ukaguzi akiwa kila upande. Ikishindikana, kila ng'ombe aliyehesabiwa hupakwa rangi mgongoni. Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye josho, kwa kuwa ng'ombe hupita mmojammoja na anayetoka amelowa. Mkavu hajahesabiwa, basi. Ukijaribu kuhesabu kundi likiwa limetawanyika malishoni, wewe na mchungaji mtatoka na namba mbili tofauti, na wote mtaapa.

Mkaguzi hahesabu kila ng'ombe peke yake. Wafanyakazi wa shamba huhesabu, naye hutazama wanavyofanya, kisha hurudia sehemu kwa mkono wake. Huchagua namba kadhaa za hereni kutoka daftarini na kutaka kuwaona ng'ombe hao, halafu hufanya kinyume chake: husoma hereni za ng'ombe waliosimama mbele yake na kuzitafuta daftarini. Njia ya kwanza hufichua ng'ombe hewa. Ya pili hufichua wageni, na wageni ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Mashamba mengi huwaruhusu wafanyakazi kuchunga ng'ombe wao wachache pamoja na wa kampuni, na jirani mwema anaweza kuazima mia kwa siku moja. Chapa ya moto ubavuni husaidia. Kovu la chapa ya zamani chini ya hereni mpya linastahili swali.

Idadi pekee haitoshi, maana ndama, mtamba, maksai na fahali hawana bei moja. Ndama wa mwaka mmoja akiandikwa kuwa mtamba wa miaka miwili na nusu, jumla haibadiliki lakini thamani inaruka. Hapo mkaguzi humwomba daktari wa mifugo afunue midomo ya wachache. Ng'ombe hubadilisha jozi ya kwanza ya meno ya mbele akiwa na takriban miaka miwili, na hukamilisha jozi zote nne akikaribia miaka minne. Meno hayasomi daftari.

Siku hiyo walipatikana ng'ombe 1,163. Lakini hesabu inayotakiwa ni ya tarehe 30 Juni, siku tisa nyuma. Katika siku hizo walizaliwa ndama 6, wakauzwa ng'ombe 20, akafa mmoja. Ukirudi nyuma unawatoa wale 6 na kuwarudisha wale 21, unapata 1,178. Daftari lilisema 1,190. Kumi na wawili hawapo.

Tofauti ya asilimia moja inaweza kuonekana ndogo, na kwa thamani huenda isibadilishe maoni ya mkaguzi. Ila aina yake inaeleza jambo. Kumi kati yao walikuwa ndama walioandikwa siku ya kuzaliwa na kufa kabla ya kuvalishwa hereni, wakati wa masika, na hakuna aliyefuta majina yao. Huo ni uzembe wa kumbukumbu. Wawili waliobaki walikuwa maksai wakubwa, walioandikwa kuwa wapo, hawana taarifa ya kifo wala kibali cha kusafirishwa. Kwa mashamba yenye utaratibu, kila kifo huambatana na hereni iliyokatwa sikioni na maelezo ya daktari. Mkaguzi alipoomba hereni za wale 38 waliotajwa kufa, zililetwa 31. Kwa maoni yangu hizo saba zinazokosekana ni habari kubwa kuliko wale maksai wawili, kwa sababu kifo cha kuandikwa tu ndiyo njia kongwe ya kumtoa ng'ombe shambani bila kumuuza.

Bei ya mifugo ni rahisi zaidi kwa kuwa soko lipo. Tuseme maksai wa uzito fulani anauzwa shilingi 1,300,000 kwenye mnada wa Pugu. Yuko Morogoro, si Pugu, kwa hiyo nauli ya lori inatolewa kwanza, tuseme 70,000, ili kupata thamani yake pale alipo. Halafu zinatolewa gharama za kuuzia kama dalali na ushuru, tuseme 50,000. Zinabaki 1,180,000. Kosa la kawaida ni kuchukua bei ya mnadani nzimanzima, au kutumia bei ya wiki ya sikukuu, wakati hesabu zinafungwa katikati ya mwaka.

Miwa ndiyo inayomnyima mkaguzi usingizi. Kwanza inagawanywa vipande viwili. Shina lililoko ardhini, linalochipua tena kila baada ya mavuno kwa misimu kadhaa, tangu tarehe 1 Januari 2016 linahesabiwa kama mtambo: gharama yake inapunguzwa kidogokidogo kwa kadiri linavyochakaa. Muwa uliosimama juu yake ndio unaothaminiwa kwa bei ya soko. Tatizo ni kwamba muwa wa miezi minane hauna soko. Hakuna anayeununua ukiwa mbichi. Thamani yake ni makadirio, na makadirio yana mwenyewe.

Kwenye shamba letu kuna eneo la hekta 60 lenye miwa ya miezi minane. Meneja alikadiria litatoa tani 85 kwa hekta. Kila tani, ukitoa kukata na kusafirisha, ingebakisha shilingi 85,000. Akachukua theluthi mbili ya jumla, kwa kuwa miezi minane imepita kati ya kumi na miwili, akapata shilingi milioni 289.

Mkaguzi hakubishana juu ya hesabu hiyo. Aliomba tiketi za mizani za kiwandani za misimu mitatu iliyopita. Eneo hilohilo lilikuwa limetoa tani 72, 68 na 74 kwa hekta. Ukiweka tani 71 mahali pa 85, milioni 289 zinashuka hadi 241. Kisha akatembea mpakani mwa eneo na kifaa cha kupimia kwa setilaiti. Hekta 60 ni za ramani, na ndani yake mna barabara za trekta na mifereji. Zenye miwa hasa zilikuwa 56. Zikabaki kama milioni 225.

Hata hiyo theluthi mbili ina walakini. Muwa haukui kwa mwendo mmoja: huanza polepole, hukimbia katikati, na mwishoni huacha kurefuka na kujaza sukari, ambayo ndiyo inayolipiwa. Mnunuzi mwenye akili angeuliza atapata nini siku ya kuvuna, angetoa gharama za maji na palizi zilizobaki, na angepunguza kitu kwa ajili ya hatari ya moto na ukame. Mtaalamu wa kilimo akiletwa kuthibitisha, swali la kwanza kwake ni moja: hizo tani 85 ulizipata wapi? Akijibu kwamba alipewa na meneja, ripoti yake haijaongeza kitu.

Mkaguzi ana bahati moja: kazi yake huendelea hadi Septemba au Oktoba, wakati miwa iliyokomaa imeanza kukatwa. Tiketi za mizani za Julai na Agosti humwonyesha kama makadirio ya Juni yalikuwa na ukweli. Lakini si kila linalotokea baada ya Juni hurudi nyuma. Moto uliounguza eneo zima tarehe 20 Julai haubadilishi thamani ya tarehe 30 Juni, kwa sababu siku hiyo miwa ilikuwa nzima. Moto huelezwa kwenye maelezo ya hesabu, na hasara yake ni ya mwaka unaofuata. Ugonjwa wa fugwe, ule unaoota kama mjeledi mweusi kwenye ncha ya muwa, una kesi tofauti. Ukionekana umetapakaa tarehe 5 Julai, haukuingia juzi. Thamani ya Juni inapaswa kushushwa, hata kama meneja anaapa kwamba siku ya kufunga hesabu shamba lilikuwa la kijani tupu.