Unga, Mafuta na Mwiko Usiopumzika

Mapishi mengi ya gambo, mchuzi maarufu wa jimbo la Luiziana kusini mwa Marekani, huanza na agizo moja lisilo na maelezo: kwanza tengeneza ruu. Mwenyeji wa huko haulizi zaidi. Mgeni huona vitu viwili tu, unga wa ngano na mafuta, akadhani kazi itakwisha kwa dakika tano. Saa nzima baadaye bado yuko mbele ya jiko, mwiko mkononi, akijiuliza kama rangi anayoiona ndiyo au bado.

Ruu ni unga uliokaangwa katika mafuta ili utie mchuzi uzito. Wapishi wa Ufaransa wanaijua tangu karne ya 17. Kitabu cha La Varenne cha mwaka 1651 tayari kinaeleza unga wa kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Wafaransa, hata hivyo, kwa kawaida huishia kwenye rangi nyeupe, ya dhahabu au ya kahawia hafifu. Walioivusha mpaka huo ni watu wa Luiziana, hasa Wakejani, wazao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Akadia, mashariki mwa Kanada, kuanzia mwaka 1755. Wao hukaanga unga hadi ufanane na chokoleti, mahali ambapo mpishi wa Parisi angesema umeungua.

Ili kuelewa kwa nini wanafanya hivyo, inafaa kuangalia kinachotokea ndani ya sufuria.

Unga wa ngano umejaa chembe za wanga. Chembe hizo zikikutana na maji ya moto hunyonya, huvimba, na mchuzi ukawa mzito. Tatizo ni kwamba unga mkavu ukimwagwa moja kwa moja kwenye supu inayochemka hushikamana papo hapo. Tabaka la nje la kila donge huiva na kuwa kama gundi, na unga wa ndani hubaki mkavu. Mafuta yanaondoa tatizo hilo kwa sababu yanazunguka kila chembe na kuitenga na mwenzake, hivyo supu inapoingia, kila moja huvimba peke yake.

Moto nao una kazi mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja, protini na sukari kidogo iliyomo kwenye unga huanza kuungana na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na harufu nyingi mpya. Ni mabadiliko yaleyale yanayoupa mkate ganda lake na kahawa harufu yake, na mkemia Mfaransa Luwi Kamil Mayari aliyaeleza mwaka 1912. Kwa upande wa pili, joto hilohilo hukatakata nyuzi ndefu za wanga kuwa vipande vifupi visivyoweza kushika maji vizuri. Kwa hiyo kadiri ruu inavyozidi kuwa nyeusi, ndivyo ladha yake inavyokua na nguvu yake ya kutia uzito inavyopungua. Ruu nyeupe ni kitia-uzito chenye ladha kidogo. Ruu nyeusi imekaribia kuwa kiungo.

Hapo ndipo wapishi wengi wageni wanapokosea. Mtu huchukua kipimo cha mchuzi mweupe wa maziwa, ambao huhitaji takriban gramu 65 za unga kwa lita moja, akakaanga unga huo hadi rangi ya chokoleti, kisha akashangaa mchuzi ukibaki mwepesi. Hakuna kilichoharibika. Wanga umevunjika, basi. Akitaka uzito uleule itambidi aongeze ruu, au aache rangi mapema zaidi.

Tuchukue gambo ya kuku na soseji ya kuvuta moshi, inayopikwa sana katika vijiji vya kusini magharibi mwa Luiziana. Sufuria huwa ya chuma kizito chenye kitako kinene, kwa sababu chuma chembamba huwa na sehemu zenye moto mkali kuliko nyingine, na unga huungua hapo kabla pengine hapajaanza hata kubadilika. Kipimo cha kawaida ni kikombe kimoja cha mafuta kwa kikombe kimoja cha unga, kwa lita mbili na nusu hivi za supu. Mafuta ya mimea yanafaa. Siagi haifai kwa safari ndefu kama hii: ina maji, na ina mabaki ya maziwa yanayoungua mapema na kuacha uchungu. Samli iliyochujwa vizuri haina mabaki hayo, hivyo huvumilia moto zaidi.

Kabla ya kuwasha jiko, mpishi hukata kila kitu: vitunguu viwili, pilipili hoho moja, mabua machache ya seleri. Haya si mazoea ya usafi tu. Ruu ikishafika rangi inayotakiwa, hakuna muda wa kutafuta kisu.

Mafuta hupashwa kwa moto wa wastani, unga ukaongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, kisha moto ukapunguzwa. Mwanzoni mchanganyiko hutoa mapovu, kwa sababu unyevu uliomo kwenye unga unatoka kama mvuke. Mwiko bora ni ule wenye ncha bapa, kwa kuwa unafagia kitako chote. Mpishi hupita katikati, akazunguka ukingo, akaingia pembeni pale kitako kinapokutana na ubavu, maana unga hupenda kujificha hapo ukaungua kimyakimya. Kukoroga kwenyewe hakuhitaji kasi. Kinachohitajika ni kwamba sehemu yoyote ya kitako isiachwe kwa zaidi ya sekunde chache.

Baada ya dakika tano hivi harufu ya unga mbichi inapotea na rangi bado ni nyeupe. Hii ndiyo ruu ya mchuzi wa maziwa. Karibu dakika ya kumi inageuka kuwa ya dhahabu na kunukia kama bisi. Inafaa kwa michuzi myepesi ya kuku au samaki. Kuelekea dakika ya ishirini inafika rangi ya siagi ya karanga, na harufu nayo ni ya karanga zilizokaangwa. Wapishi wengi wa Luiziana huishia hapo wakipika kamba, kwa sababu ruu nyeusi zaidi ingeufunika utamu wa kamba.

Kuku na soseji wanastahimili zaidi. Rangi inapita kwenye shaba nyekundu, na kuanzia hapo mambo huenda haraka. Nusu ya kwanza ya kazi huonekana kana kwamba hakuna kinachotokea, lakini mwishoni dakika moja inatosha kuivusha ruu kutoka rangi nzuri hadi kuharibika. Dalili nyingine huonekana kwenye mwiko: ruu iliyokuwa nzito kama uji sasa inalegea na kutiririka, kwa kuwa wanga unavunjika. Harufu inaelekea kwenye kahawa. Kati ya dakika ya arobaini na saa nzima, kutegemea moto na sufuria, rangi ya chokoleti inatimia.

Mpishi mzoefu huzima jiko kabla kidogo ya hapo. Chuma kizito kimehifadhi joto jingi, nacho kitaendelea kukaanga hata moto ukizimwa. Breki halisi ni vitunguu, hoho na seleri, ambavyo humwagwa vyote kwa pamoja. Maji yaliyomo ndani yake hulia chwaa na kupoza ruu, na wakati huohuo mboga zinalainika ndani ya mafuta ya moto. Rangi hukoza kidogo tena zinapoingia.

Uangalifu unatakiwa sana hapa. Ruu ni ya moto kuliko maji yanayochemka na inanata, hivyo tone likiruka kwenye ngozi halidondoki. Wapishi wa Luiziana wamelipa jina la mzaha la napamu ya Wakejani, wakikumbuka bomu la moto la vitani. Mwiko uwe na mpini mrefu, mboga zisiwe zinachuruzika maji, na watoto wakae mbali.

Ruu iliyoungua inajulikana kwa vidoa vyeusi vinavyoelea kama pilipili manga iliyosagwa, na harufu kali inayowasha pua. Ikifika hapo haiokoleki. Kuongeza mafuta, sukari au supu hakuondoi uchungu, kwa maana vidoa hivyo vitaenea kwenye sufuria nzima. Humwagwa, sufuria ikaoshwa, kazi ikaanza upya. Hasara ni kikombe cha unga na kikombe cha mafuta, kidogo kuliko kuku mzima atakayeharibika baadaye.

Si wote wanaokubali mwendo wa pole. Pol Prudom, mpishi aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na mji wa Opelusa na aliyefungua mgahawa wake Nyu Olinzi mwaka 1979, alieneza njia ya kinyume katika kitabu chake cha mwaka 1984. Yeye alipasha mafuta hadi yakaribie kutoa moshi, akatia unga na kupiga kwa mchapo wa waya bila kusita, akapata ruu nyeusi kwa dakika chache. Njia hiyo ni halali kwa mkono uliozoea. Kwa anayejifunza, kosa la sekunde kumi linatosha kuharibu kila kitu. Upande wa pili kabisa kuna wanaotumia oveni: mchanganyiko huwekwa kwenye nyuzi joto 175 na kukorogwa kila baada ya dakika ishirini hivi, na kwa saa moja na nusu au mbili rangi inakuja bila mtu kusimama.

Mboga zikishalainika, kitunguu saumu na soseji iliyokatwa huingia, kisha supu ya kuku ya vuguvugu inaongezwa kwa miiko michache huku ikikorogwa hadi ruu iyeyuke, ndipo iliyobaki inamiminwa. Gambo huchemka taratibu kwa saa moja au zaidi. Mafuta yatakayopanda juu yanaenguliwa kwa kijiko. Kwa vile ruu nyeusi haiwezi kubeba uzito peke yake, wengi huongeza bamia, zao lililofika Marekani pamoja na Waafrika waliotekwa utumwani. Wengine hunyunyizia unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, waliojifunza kutoka kwa Wachokto, wenyeji wa eneo hilo. Unga huo hutiwa baada ya sufuria kuepuliwa, kwani ukichemshwa hugeuka nyuzinyuzi za kunata.

Anayepika mara nyingi anaweza kukaanga ruu nyingi kwa mkupuo mmoja, akaacha ipoe na kuitia kwenye chupa ya kioo ndani ya friji, ambamo hukaa kwa wiki kadhaa. Luiziana kuna viwanda vinavyoiuza hivyo madukani. Mafuta hujitenga na kukaa juu, kwa hiyo chupa hukorogwa kwanza, kisha ruu huchotwa kijiko kimoja kimoja na kuyeyushwa kwenye supu inayochemka. Kila kijiko hupewa dakika kadhaa kabla ya kuongeza kingine, kwa sababu uzito wake hauonekani mara moja.