Msaili, Anza Wewe: Dakika za Kwanza za Usaili kwa Video

Tulikuwa wanne kwenye jopo, kila mmoja mezani kwake Dar es Salaam, na tulikuwa tunamsaili binti aliyeomba kazi ya kusimamia ghala. Yeye alikuwa Songea, anatumia simu aliyoiegemeza mahali pa chini, kwa hiyo tulikuwa tunaona kidevu chake na dari kuliko macho yake. Alipoingia alisema, "Shikamooni." Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wetu alikuwa amezima kipaza sauti huku akipitia wasifu wa binti huyo, na sisi wengine tulikuwa tunamsubiri mwenyekiti. Binti akarudia, "Shikamooni," safari hii kwa sauti iliyofifia. Zikapita sekunde nyingine kadhaa za kimya. Maswali yalipoanza, majibu yake yalikuwa ya neno moja moja. Alishindwa hata kueleza jinsi ya kuhesabu bidhaa ghalani, kazi aliyoifanya kwa miaka mitatu. Tukampa alama ndogo, tukamwita mwingine.

Naamini hadi leo kwamba siku ile tulimkosea, na kosa lilifanyika kabla hatujamuuliza swali hata moja.

Mtu anayekuja ofisini kusailiwa hupita kwenye mambo madogo mengi yanayomtuliza bila yeye kujua. Anapokewa mapokezi, anaketi, anasikia watu wakicheka chumba cha pili, anaingia na kusalimiana, anavuta kiti. Hadi swali la kwanza linafika, mwili wake umeshazoea mahali. Kwenye video hayo yote hayapo. Dakika hii anatazama ukurasa wenye maandishi ya Waiting Room, dakika inayofuata nyuso nne zimemkodolea macho kwa karibu kuliko mtu yeyote anavyomtazama mwenzake akiwa naye chumbani. Pembeni anaiona sura yake mwenyewe, na mtu mwenye hofu akiiona sura yake huanza kujikagua badala ya kufikiri. Kilichokuwa kikifanywa na mapokezi, kiti na kusalimiana kwa mkono, sasa ni lazima kifanywe na mdomo wa msaili.

Halafu kuna ucheleweshaji wa sauti. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo ya watu katika lugha 10 na kuona kwamba, kwa wastani, mtu humjibu mwenzake baada ya muda mfupi sana, kama moja ya tano ya sekunde, wakati mwingine pungufu ya hapo. Tumezoea kasi hiyo tangu utotoni. Mtandao ukichelewesha sauti hata kwa nusu sekunde, kila jibu linaonekana kama kusitasita. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha kazi yao mwaka 2014 waligundua jambo la kusikitisha zaidi: sauti inapochelewa, watu huwa hawaulaumu mtandao, humlaumu mwenzao. Humwona hayuko makini, hana uchangamfu. Sasa mchukulie msailiwa mwenye hofu, ambaye kwa kawaida hofu humfanya azungumze polepole na kwa uchache, kisha umwongezee bando linalosuasua. Jopo litamwandika "hajiamini" wakati nusu ya kimya hicho ni cha mnara wa simu.

Dawa ya kwanza ni msaili kuanza kusalimia. Kwetu salamu ina ngazi zake, na msailiwa anayeingia hajui nani kati ya nyuso zile ni mkubwa wake wa kumwamkia. Akisema shikamoo kwa aliyemzidi miaka miwili, ataona aibu. Asiposema kwa mzee, ataonekana hana adabu. Mwenyekiti anaweza kumwondolea mzigo huo kwa kusema mara tu picha inapotokea: "Habari za asubuhi, karibu sana. Mimi nakusikia vizuri na nakuona vizuri. Wewe unatusikia?" Sentensi hiyo inafanya kazi tatu kwa pamoja: inasalimia, inamhakikishia kwamba vifaa vyake vinafanya kazi, na inampa jambo rahisi la kujibu ili aisikie sauti yake mwenyewe ikitoka. Akiamkia shikamoo hata hivyo, itikia marahaba kikamilifu, umuulize kama hajambo, hata kama usaili wenyewe utakuwa kwa Kiingereza. Nimeona wasaili wanaoiruka shikamoo kwa kudhani kwamba ni mambo ya nyumbani. Mtu aliyeamkia akakosa kuitikiwa hujua amekataliwa, na hakuna tabasamu la baadaye linaloponya hapo.

Baada ya kusema lolote, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, ndipo uongeze neno. Msaili mwenye haraka hudhani msailiwa amenyamaza, akarudia swali, na kwa wakati huo huo jibu linafika. Wanagongana, wote wawili wanasema "samahani, endelea," na msailiwa anaamini kwamba yeye ndiye aliyemkatiza mkubwa.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi wanaikosea kwa nia njema. Wakiona mtu anatetemeka, wanamwambia, "Usiogope, jisikie huru." Maneno hayo yanamjulisha tu kwamba hofu yake imeonekana. Mtu hatulizwi kwa kuamriwa atulie, hutulizwa kwa kujua kinachofuata. Kwa hiyo mchoree njia. Mwenyekiti mmoja niliyekaa naye baadaye alikuwa anasema hivi kwa kila msailiwa, bila kubadilisha:

"Tutakuwa pamoja kwa dakika 40. Tuna maswali sita, na kila mmoja wetu atauliza mawili. Tutazungumza Kiingereza kwenye maswali, lakini neno likikupotea, litaje kwa Kiswahili uendelee. Ukiona nimeinama, ninaandika unachosema, sijachoka kukusikiliza. Ukihitaji kufikiri kabla ya kujibu, fikiri, sisi tutasubiri. Na mtandao ukikatika, usihangaike. Nitakupigia kwa namba uliyotupa, tutaendelea pale pale tulipoishia, na muda uliopotea hautahesabiwa."

Hiyo haizidi dakika moja na nusu. Angalia ilivyogusa kila kitu kinachomkosesha mtu usingizi kabla ya usaili wa video: muda, idadi ya maswali, lugha, maana ya nyuso asizoweza kuzisoma, kimya, na mtandao. Sentensi ya kuinama na kuandika inaonekana ndogo, lakini chumbani msailiwa anaiona kalamu. Kwenye skrini anaona utosi tu, naye hudhani unasoma ujumbe wa simu. Na ahadi ya kupiga simu ina thamani pale tu namba iko mbele yako imeshaandikwa, wala si ya kutafutwa kwenye barua pepe mtandao ukiwa umeshakatika.

Maelezo ya vifaa, kwa maoni yangu, yatumwe siku moja kabla, si kusemwa usaili ukianza. Ujumbe mfupi unatosha: weka simu au kompyuta usawa wa macho, kaa ukitazama dirisha badala ya kulipa mgongo, na kama unatumia Zoom kwenye kompyuta, chagua Hide Self View ili usijione. Wenzako wataendelea kukuona. Kumwambia mtu anayetetemeka abonyeze hapa na pale ni kumpa mtihani ambao haumo kwenye kazi aliyoomba.

Baada ya utambulisho, uliza swali moja la kumfungua kinywa, na lisiwe "Tuelezee kuhusu wewe." Swali hilo linasikika jepesi kwa anayeuliza, ila kwa anayejibu halina mlango wala mwisho. Chukua kitu halisi kutoka kwenye barua yake: "Umeandika kwamba ulikuwa unapokea mzigo wa mbegu msimu wa kilimo. Gari likifika asubuhi, kitu cha kwanza ulichokuwa unafanya ni kipi?" Mtu anayeijua kazi yake hawezi kukosa la kusema hapo. Ataanza na hati ya mzigo, atafika kwenye kuhesabu magunia, na akili yake itakuwa ghalani, mbali na kamera.

Hapa niweke onyo, kwa sababu mazungumzo ya kuzoeana kwetu yana mtego. Tukitaka kumchangamkia mtu tunamuuliza, "Wewe mwenyeji wa wapi?" au "Watoto hawajambo?" Sebuleni huo ni ukarimu. Kwenye usaili, swali la kwanza linafichua kabila, la pili linafichua ndoa na uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kama hiyo, pamoja na dini, jinsia, ujauzito na umri, na inamhesabu mwombaji kazi kuwa mmoja wa wanaolindwa. Hata usipokuwa na nia mbaya, binti aliyeulizwa kuhusu watoto atajiuliza kwa dakika 40 zilizobaki kama jibu lake limemharibia. Vivyo hivyo usitoe maneno juu ya chumba chake. Jogoo akiwika au mtoto akipita nyuma, sema "hakuna tabu, chukua muda wako," na usicheke. Ya kuzungumza yasiyo na madhara yapo: mvua, mtandao, safari ya asubuhi, na zaidi ya yote, kazi yenyewe.

Mtego mwingine unamhusu msaili mwenyewe. Murray Barrick na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba picha anayoijenga msaili katika dakika za kuzoeana, kabla ya swali rasmi, inahusiana na alama anazotoa mwishoni. Maana yake ni kwamba mchangamfu anaweza kuchota alama kwenye hali ya hewa. Ndiyo sababu dakika hizo ziwe sawa kwa wote, maneno yawe yale yale, na kalamu ibaki chini. Alama zianze kuandikwa kwenye swali la kwanza rasmi.

Utajuaje kwamba mtu ametulia? Usitafute tabasamu, watu hutabasamu kwa hofu pia. Tazama urefu wa majibu. Aliyekuwa anajibu kwa maneno matano anafika sentensi tatu. Mikono inaanza kuonekana kwenye picha. Anathubutu kusema, "Samahani, sijalielewa swali." Hapo ingia kwenye maswali. Kama macho bado yanakimbilia pembeni na majibu bado ni "ndiyo" na "hapana," ongeza swali jingine moja la kazi yake ya kila siku, au mwambie anywe maji nawe unywe. Kwa baadhi ya watu hata hilo halitatosha, na hofu itabaki hadi mwisho. Liandike swali kwenye sehemu ya ujumbe ili alisome, na ufanye hivyo kwa wasailiwa wote, asipendelewe yeyote.

Kama wiki hii wewe ndiye mwenyekiti wa jopo, yaandike maneno yako ya kufungulia kwenye karatasi, uibandike karibu na kamera, na uyasome kwa sauti mara mbili. Kisha, kabla hujabonyeza Admit, hakikisha kipaza sauti chako kimewashwa.