Fahamu: Maandishi hubaki kwenye simu, siri husafiri

Mwaka 2017 Google ilitangaza kuwa inajaribu mafunzo shirikishi kwenye Gboard, kibodi yake ya simu: maandishi hayaondoki kwenye simu, bali hutumwa marekebisho ya namba za modeli tu. Lakini namba hizo nazo husema. Kila neno lina safu yake ya namba, na katika tabaka la kwanza la modeli, safu zinazobadilika kwa kawaida ni za maneno uliyoandika tu. Anayeona marekebisho ya simu moja anaweza kugundua umeandika “talaka” au “ukimwi”. Ndiyo maana marekebisho ya simu nyingi hujumlishwa kwa usimbaji fiche ili seva ione jumla tu. Hata hivyo, modeli iliyokamilika huweza kukariri sentensi adimu. Hatari hiyo hupunguzwa kwa kuwekea kikomo mchango wa kila mtumiaji na kuongeza namba za kubahatisha, ingawa usahihi hushuka.