Mbegu Sita katika Mia Mbili

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 34 aliyeoa mwaka mmoja na nusu uliopita, na mkewe hajashika mimba. Amepima shahawa, na sasa yuko kwenye benchi nje ya maabara na karatasi mkononi. Ujazo ni mililita 1.2. Mbegu ni milioni 11 katika kila mililita. Zinazosonga mbele ni asilimia 35, na zenye umbo la kawaida ni asilimia 3. Tarakimu tatu kati ya hizo nne zimewekewa alama ya nyota. Anachokiona yeye ni ile asilimia 3, na anaamini kwamba mbegu zake 97 katika kila mia ni mbovu.

Nyota hizo hutokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani, ambavyo katika mwongozo wa mwaka 2021 ni mililita 1.4 za ujazo, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 30 zinazosonga mbele, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Ni muhimu kujua vilikopatikana. Walipimwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha kwa kila kipimo mstari ukachorwa mahali ambapo watano katika kila mia wanabaki chini yake. Hao watano nao walikuwa akina baba. Kwa hiyo mstari huo hautenganishi mgumba na mzazi. Kadiri mtu anavyoshuka chini yake, na hasa vipimo kadhaa vikishuka kwa pamoja, ndivyo mimba inavyoweza kuchelewa.

Turudi kwenye ile asilimia 3. Mtaalamu wa maabara hupaka tone la shahawa kwenye kioo, akalitia rangi, kisha akahesabu mbegu 200 chini ya hadubini. Ili mbegu iitwe ya kawaida, kichwa chake kiwe na umbo la yai lenye kingo laini, shingo iwe nyembamba iliyonyooka, na mkia uwe mmoja usiojikunja. Yenye dosari ndogo tu huwekwa upande wa zisizo za kawaida. Kiwango cha asilimia 4 ni mbegu nane katika 200, na huyu bwana alipata sita. Nyota iliyomkosesha usingizi ni tofauti ya mbegu mbili, na mtaalamu mwingine akihesabu kioo kilekile anaweza kupata tisa. Wala umbo la mbegu halitabiri kwamba mtoto atazaliwa na kilema.

Kinachofaa zaidi ni kuzidisha. Mililita 1.2 mara milioni 11 ni mbegu milioni 13.2 kwa jumla, na asilimia 35 ya hizo ni takriban milioni 4.6 zinazosonga mbele. Hiyo ni idadi ndogo kweli, na inastahili kufuatiliwa. Lakini kabla ya dawa yoyote daktari huuliza maswali mawili. Je, shahawa yote iliingia kwenye kikopo? Bwana anakiri kwamba matone ya kwanza yalimwagika, na hayo ndiyo hubeba mbegu nyingi zaidi. Je, aliugua hivi karibuni? Ndiyo, alikuwa na malaria yenye homa kali wiki tano kabla. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo kipimo cha leo kinasimulia homa ile.

Anarudi baada ya miezi mitatu, akiwa amekaa siku nne bila kutoa shahawa (inatakiwa kati ya siku mbili na saba), na kikopo kinafika maabara ndani ya nusu saa kikiwa kimewekwa karibu na mwili kisipoe. Safari hii ujazo ni mililita 2.6, mbegu ni milioni 24 kwa mililita, na zinazosonga mbele ni asilimia 41. Hizo ni karibu milioni 25.6. Umbo bado ni asilimia 3, na daktari haishughulikii. Anaomba mke naye apimwe, jambo ambalo kwa kweli lilipaswa kuanza sambamba tangu siku ya kwanza.

Majibu ya sifuri ni habari nyingine. Hapo maabara huzungusha shahawa kwenye mashine ili mbegu chache zilizopo zizame chini, na kipimo hurudiwa. Sifuri ikithibitika, daktari hupapasa korodani na kupima homoni, kwa sababu huenda mbegu zinatengenezwa vizuri lakini njia imeziba, na pengine zinaweza kuvunwa moja kwa moja kutoka kwenye korodani. Atauliza pia kuhusu sindano za testosteroni ambazo vijana wengine hudungwa ili wajaze misuli. Homoni hiyo ikitoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani kutengeneza mbegu. Wengi wakiacha sindano mbegu hurudi, ila huchukua miezi mingi, na wengine hupita mwaka.