Karanga za Port Sudan

Oktoba 1956 mfanyabiashara aliuza tani 300 za karanga za Sudan, zipelekwe Hamburg. Mwezi uliofuata Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Hakupakia mzigo, akidai mkataba umevunjwa na tukio lisilozuilika.

Mahakama ya juu ya Uingereza ilimkatalia. Meli zingeweza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nauli ilipanda sana, lakini karanga haziharibiki upesi na mkataba haukutaja njia. Kifungu cha dharura nacho hakikumwokoa, kwa sababu upakiaji bandarini haukuzuiwa.

Ukumbi wa muziki ulioteketea London mwaka 1861, siku chache kabla ya tamasha, ulikuwa jambo jingine: kilichokodiwa hakikuwepo tena, na pande zote zikasamehewa.

Anayeogopa njia kufungwa aiandike mkatabani kabla ya kusaini.